Wanja wa unga, wanja wa masizi na penseli ya bei ya chini: risasi iko wapi?

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa miezi saba, na mimi mwenyewe nimepaka wanja tangu utotoni. Nyumbani nina wa aina tatu: penseli ya kajali ya bei ya chini, unga wa wanja wa manga ambao shangazi aliniletea kwenye kichupa, na wanja wa masizi anaoutengeneza mama mkwe kwa taa ya mafuta. Mtoto tumekuwa tukimpaka ule wa unga. Sasa nasikia wanja una risasi. Nitupe vyote? Naweza kupima mwenyewe nyumbani? Na mtoto nimfanyeje?"

Marahaba, binti yangu. La kwanza kabisa: unga wa kichupa uache leo hii, wewe na mtoto, hata kabla hujajua umetengenezwa kwa nini. Hivyo vingine viwili vina habari yake tofauti, na wala havilingani na unga huo kwa hatari. Watu wengi huogopa penseli kwa sababu ni ya bei ya chini, au wanja wa masizi kwa sababu umepikwa nyumbani, wakati ule wa unga wanauamini kwa kuwa ni wa asili na umetoka mbali. Kwa suala la risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, mara nyingi hali ni kinyume chake.

Wanja wa unga hutokana na jiwe lililosagwa. Yako mawe mawili yanayofanana, na watu wamekuwa wakiyachanganya kwa karne nyingi. Moja huitwa stibnaiti, nalo ni antimoni iliyoungana na salfa. La pili huitwa galena, nalo ni risasi iliyoungana na salfa. Yote mawili ni ya kijivu cheusi, yote yanang'aa, na yakisagwa laini macho hayatofautishi kwa urahisi. Muuzaji anaweza kukuapia kwa moyo mweupe kwamba wake ni ithmidi halisi, yaani antimoni, kwa sababu ndivyo naye alivyoambiwa. Lakini unga wa aina hii unapofikishwa maabara, mara kwa mara hukutwa ni galena. Galena ndiyo jiwe kuu linalochimbwa ili kupata risasi, hivyo linapatikana kwa wingi. Hata likiwa kweli stibnaiti, mimi bado nisingempaka mtoto, kwa sababu antimoni nayo si kitu cha kuchezea na jiwe hilo mara nyingi hubeba aseniki. Jina lililoandikwa kwenye kichupa, liwe kohli, surma, tiro au ithmidi, halikuambii kilichomo ndani.

Kuna kisa kimoja kilichochapishwa mwaka 2012 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ambacho kinafanana sana na chako. Mwaka 2011, mjini Boston, mtoto mchanga wa familia yenye asili ya Nijeria alipimwa damu ikakutwa na risasi maikrogramu 13 kwa desilita. Wazazi wake walikuwa wakimpaka tiro kwenye kope. Ule wanja ulipopimwa ulikutwa na risasi asilimia 82.6. Namba hiyo inasema mengi kwa anayejua jiwe lenyewe. Galena safi, isiyochanganywa na chochote, ina risasi asilimia 86.6. Maana yake ni kwamba wanja ule haukuwa umechafuliwa na risasi kwa bahati mbaya. Karibu wote ulikuwa ni jiwe la risasi lililosagwa.

Hapo ndipo ninapotaka utulie nami kidogo, kwa sababu neno "kuchafuliwa" huwapotosha watu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inapendekeza vipodozi visizidishe sehemu 10 za risasi kwa kila sehemu milioni. Hicho ndicho kiasi kinachoweza kuingia bila kukusudiwa, kwa kuwa rangi zinazotokana na udongo na madini hubeba risasi kidogo. Unga wa Boston ulikuwa na sehemu 826,000 kwa kila milioni. Tufanye hesabu kwa kiasi kidogo sana cha wanja, miligramu 10, ambazo ni kama nusu ya uzito wa punje moja ya mchele. Ukiwa ni wanja wenye sehemu 10 kwa milioni, ndani yake mna maikrogramu 0.1 ya risasi. Ukiwa ni ule unga, mna maikrogramu 8,260. Sasa tuseme mtoto amemeza sehemu moja tu kati ya mia ya hizo miligramu 10, kwa kujifuta jicho kisha kunyonya kidole. Amemeza maikrogramu 82 na ushee. FDA hutumia maikrogramu 2.2 kwa siku kama kipimo cha tahadhari cha risasi inayoingia kwa mtoto kupitia chakula. Kwa kunyonya kidole mara moja ameshakipita kipimo hicho zaidi ya mara 37.

Nimesema kunyonya kidole kwa makusudi. Akina mama wengi hudhani risasi hupenya kwenye ngozi ya kope. Risasi ya aina hii haipenyi ngozi nzima kwa kiasi cha kutisha. Njia yake kubwa ni mdomo. Mtoto husugua macho akisinzia, unga unabaki vidoleni na kwenye mto, kisha vidole vinaingia kinywani. Njia ya pili imo ndani ya jicho lenyewe: machozi hutiririka kupitia tundu dogo kwenye kona ya jicho, huingia puani, na kutoka hapo hushuka kooni na kumezwa. Ndiyo maana wanja uliopakwa ukingo wa ndani wa kope huondoka wenyewe baada ya saa chache; sehemu yake imefutika na sehemu yake imemezwa. Tumbo la mtoto mdogo linaweza kufyonza karibu nusu ya risasi inayoingia, wakati la mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Tumbo likiwa tupu, au mtoto akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi, hufyonza zaidi.

Madhara yake hayaonekani kwa macho, na hilo ndilo linalofanya watu wabishe. Mtoto mwenye maikrogramu 13 anaweza kucheza, kunyonya na kuongezeka uzito kama kawaida, huku risasi ikigusa ubongo unaojengwa. Inakuja kudhihirika baadaye katika kujifunza, umakini na tabia. Kwa viwango vya juu ndiyo huja maumivu ya tumbo, choo kigumu, upungufu wa damu, na kwa hali mbaya kabisa degedege. Kwa hiyo hoja ya "sisi sote tulipakwa na hatukufa" haipimi kitu chochote, kwa sababu hakuna aliyepimwa damu wakati huo.

Utaambiwa pia kwamba sayansi imethibitisha wanja wa Misri ya kale ulikuwa dawa. Utafiti upo, ulifanywa na Wafaransa na kutoka mwaka 2010. Walionyesha kwamba kiasi kidogo mno cha chumvi fulani za risasi kilifanya seli za ngozi maabara zitoe kemikali inayosaidia kinga. Chumvi hizo si galena, kiasi chenyewe kilikuwa kidogo sana, na hakuna mtoto aliyepakwa. Kutoka hapo hadi kumpaka mchanga unga wa asilimia 80 ni mbali mno.

Tuje kwenye penseli yako. Penseli ya kawaida ni nta na mafuta yaliyochanganywa na rangi nyeusi, na rangi hiyo kwa kawaida ni oksidi ya chuma au kaboni. Kwenye boksi tafuta orodha ya viambato. CI 77499 ni oksidi nyeusi ya chuma, na CI 77266 ni kaboni nyeusi. Ukiziona hizo, na jina la mtengenezaji na namba ya toleo vipo, unashughulika na kitu ambacho risasi yake, kama ipo, ni ya kile kiwango cha kuchafuliwa. Bei ya chini peke yake hainipi wasiwasi mkubwa, kwa sababu kaboni na oksidi ya chuma ni vitu rahisi. Hakuna faida kubwa ya kuweka jiwe la risasi kwenye penseli. Kinachonipa wasiwasi ni boksi lisilo na orodha yoyote, na maneno "haina risasi" yaliyochapwa kwa herufi kubwa bila kitu kingine. Maneno hayo yeyote anaweza kuyachapa. Na uangalie usichanganye penseli na vile vijiti au vichupa vya wanja laini vinavyouzwa kwa jina la kajali au surma. Hivyo vinaweza kuwa na unga wa jiwe uliochanganywa na mafuta, na kwa sura havitofautiani na vingine. Kwa mtu mzima, penseli yenye orodha kamili mimi sina ugomvi nayo. Ikikosa orodha, iache.

Wanja wa mama mkwe ndio ninaoutetea, kwa masharti. Masizi yanayokusanywa juu ya taa yenye utambi wa pamba na mafuta ya nyonyo au samli ni kaboni. Risasi haizaliwi na moto; kama haikuwamo kwenye mafuta, utambi au chombo, haitakuwamo kwenye masizi. Kwa hiyo swali la kumwuliza, kwa adabu na bila kumtuhumu, ni moja: mama, ukishakusanya masizi, unaongeza nini? Wapishi wengi wa wanja huongeza kijiko cha unga wa jiwe ili rangi ikolee na ing'ae, na kijiko hicho ndicho kinachoharibu kila kitu. Wengine hukaanga jiwe kwenye moto kabla ya kulisaga, wakidhani wanalisafisha. Kukaanga galena hutoa moshi wenye risasi unaovutwa na mpishi na kila aliye karibu, na sehemu ya jiwe hugeuka oksidi ya risasi ambayo tumboni huyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko jiwe lenyewe.

Mwangalie pia chombo. Sahani ya shaba ya manjano mara nyingi huwa na risasi ndani yake, chungu cha udongo chenye mng'ao kinaweza kuwa na risasi kwenye ule mng'ao, na kopo lililounganishwa kwa kulehemu linaweza kuwa nayo kwenye kiungo. Sahani ya chuma kisichoshika kutu inatosha. Asichome kitambaa cha rangi, mbao zilizopakwa rangi wala karatasi zilizochapwa. Haya yote yakizingatiwa, wanja wake hauna habari ya risasi. Unabaki na mambo mengine: masizi yana kemikali za moshi zisizofaa jichoni kila siku kwa miaka, na mafuta yanayoguswa na vidole huzaa vijidudu. Kwako, apike kidogo kidogo, kila mtu awe na chombo chake na kijiti chake. Kwa mtoto, hapana, hata huu. Mfereji wake wa machozi ni mwembamba na jicho lake halipati faida yoyote kwa kupakwa.

Sasa kupima nyumbani. Kipo kipimo kimoja chenye maana, nacho ni uzito, lakini kielewe vizuri kabla hujakiamini. Galena ni nzito kupita kiasi: kipande chake kina uzito wa mara saba na nusu ya maji ya ujazo uleule, ilhali kaboni haifiki mara mbili na nusu. Chukua kijiko cha chai ambacho hutakirudisha jikoni, vaa glovu, fanyia nje pasipo upepo, jaza unga hadi usawa wa ukingo, kisha upime kwenye mizani ndogo. Masizi makavu hayazidi gramu chache. Unga ukivuka gramu 10 kwa kijiko cha mililita 5, hiyo ni madini mazito, na mimi nauhesabu kuwa risasi mpaka maabara iseme vinginevyo. Oksidi nyeusi ya chuma nayo ni nzito, ila mara nyingi huvutwa na sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, galena haivutwi. Ukipaka unga kidogo kwenye karatasi nyeupe na kuigeuzageuza chini ya taa, galena iliyosagwa bila kulainika sana huonyesha nukta bapa zinazometameta kama chuma, kwa sababu jiwe hilo huvunjika kwa miraba hata likiwa dogo namna gani. Masizi humeza mwanga, hayameti.

Lakini kipimo hiki kinaweza kutia hatiani, hakiwezi kusafisha. Masizi yaliyochanganywa na unga wa jiwe asilimia 5 yatakuwa mepesi na meusi tii, na bado yatakuwa na risasi zaidi ya sehemu 40,000 kwa milioni. Kwa hiyo unga mzito ni wa kutupa, na unga mwepesi ni wa kuulizia zaidi. Usitumie kipimo cha maji ambacho watu hufundishana, kwamba kinachozama ni risasi na kinachoelea ni salama. Galena laini iliyoguswa na mafuta huelea. Viwanda vya madini huitenga na mawe mengine kwa kuifanya ielee kwenye mapovu. Vile vijiti vya kupimia rangi za ukuta, vinavyobadilika kuwa vyekundu vikigusa risasi, navyo havifai hapa: galena haiyeyuki kirahisi kwenye dawa ya kijiti, na weusi wa wanja huficha rangi. Na tafadhali usimwage asidi juu yake, maana hewa inayotoka ni sumu.

Jibu la uhakika hutoka kwenye mashine ya eksirei inayotambua madini. Haichukui hata dakika tano na haiharibu sampuli. Kama maabara ya kemia ya serikali iko mbali, jaribu idara ya jiolojia ya chuo kikuu au wataalamu wa uchimbaji madini. Wengi wao wanayo mashine hiyo ya kushika mkononi, na kutofautisha galena na kaboni ni kazi nyepesi kwao. Peleka kichupa kizima kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Mtoto asisubiri majibu ya wanja. Mpeleke akapimwe risasi kwenye damu, na mweleze mhudumu wazi kwamba alikuwa akipakwa wanja wa unga, kwa muda gani na mara ngapi kwa wiki, kwa sababu bila kuambiwa huenda asifikirie kuagiza kipimo hicho. Damu ikitolewa kwa kuchoma kidole, mwoshe mikono kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vumbi la wanja lililobaki kwenye ngozi linaweza kupandisha majibu kwa uongo. Majibu yakiwa juu, yathibitishwe kwa damu ya mshipa kabla ya uamuzi wowote. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kutoa risasi mwilini kwa watoto huanza kufikiriwa kwenye 45, na hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Usimpe dawa za kienyeji za kusafisha damu, wala za kununua dukani. Chini ya kiwango hicho tiba ni kuondoa chanzo na kumlisha vizuri: chuma na kalisi za kutosha kulingana na umri wake, na asikae muda mrefu na njaa.

Nawe upimwe, hasa ukiwa mjamzito au unatarajia. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ile iliyojificha kwenye mifupa kwa miaka hurudi kwenye damu wakati mwili wa mama unapotoa kalisi kwa ajili ya mimba na kunyonyesha. Lakini usimwachishe ziwa kwa hofu. Zungumza na daktari mkiwa na majibu yako mkononi.

Nyumbani, pafute kwa kitambaa kibichi mahali mlipokuwa mkipakia wanja, usifagie wala kupuliza. Foronya, kitambaa cha kumfutia uso na vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni. Kijiti na kifuniko cha kichupa vihesabiwe kuwa ni unga uleule, kwa hiyo kijiti hicho kisiingie kamwe kwenye wanja wa mama mkwe. Fungasha vyote kwenye mifuko miwili, andika juu yake "risasi", uweke pasipofikiwa na mtoto mpaka afisa wa afya akuelekeze pa kuvipeleka. Usimgawie mtu mwingine. Na shangazi mpigie simu, umuulize ni akina nani wengine aliowaletea kichupa kutoka pale pale, na kama kuna mtoto katika nyumba hizo.

Chanzo kikishaondoka, risasi kwenye damu huanza kushuka, lakini haishuki kwa siku chache. Iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kwa takriban mwezi mmoja, na iliyohifadhiwa mifupani huichelewesha. Omba kipimo cha kurudia baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kulingana na kiwango cha mwanzo. Kikishuka, mmekipata chanzo. Kikikataa kushuka, kuna risasi nyingine nyumbani humo: rangi ya zamani inayobanduka, chungu cha kupikia, au kichupa kingine cha wanja ambacho mtu bado anakitumia bila kukuambia.